Mwanamke na Uongozi wa Ibada: Dalili za Mayahudi, Wakristo na Waislamu



Suala la somo hili limeletwa mara nyingi katika darsa zetu, nalo ni hili: Je, mwanamke aweza kuwa kiongozi wa ibada? Mwenye kuuliza huwa amesikia kwamba mwaka 2021 Kanisa la Anglikana la Kenya lilimweka Bibi Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo, naye ni mwanamke wa kwanza kupata daraja ya uaskofu katika kanisa hilo hapa nchini. Au huwa amesikia habari ya tarehe 18 Machi 2005, Bibi Amina Wadud, mwalimu wa chuo kikuu huko Amerika, aliposalisha sala ya Ijumaa mjini New York, wanaume na wanawake wakiwa nyuma yake. Hapo maneno huzuka. Mmoja husema kuwa jambo hili halina hata dalili moja ya kuliunga mkono. Mwenziwe husema kuwa halina hata dalili moja ya kulikataza. Wote wawili wamesema wasiyoyachungua. Basi na tuzitazame dalili zenyewe, za Mayahudi, za Wakristo na zetu sisi, tukizipima zote kwa mizani moja.

Neno moja, masuala matatu

Kabla ya dalili, yatupasa tujue kinachogombaniwa ni kitu gani, kwani hakifanani katika dini hizi tatu.

Kwa Wakatoliki na Waorthodoksi, upadri ni siri takatifu. Askofu humwekea mtu mikono, na kwa kufanya hivyo mtu yule hupata uwezo ambao hakuwa nao jana, nao haumtoki mpaka kufa. Bila ya padri hakuna misa. Kwa hivyo suala lao ni hili: Je, uwezo huo waweza kumshukia mwanamke?

Kwa Mayahudi, rabi si padri. Zamani walikuwa na utaratibu wa mwalimu kumwekea mikono mwanafunzi, kwa mnyororo waliouhesabu mpaka kwa Nabii Musa, lakini mnyororo huo ulikatika katika karne za mwanzo za zama zetu. Urabi wa leo ni ushahidi wa elimu: mwalimu hushuhudia kuwa mwanafunzi wake ameijua sheria na aweza kutoa fatwa. Suala lao, basi, ni hili: Je, mwanamke aweza kushuhudiwa hivyo na kukabidhiwa jamaa wa sinagogi?

Kwetu sisi hakuna kuwekewa mikono, wala hakuna tabaka la makasisi. Imamu ni yule aliyetimiza masharti akasimama mbele. Akisha kutoa salamu amekuwa kama wenziwe. Suala letu si kupewa daraja, bali ni usahihi wa sala: Je, sala ya mwanamume aliyemfuata mwanamke yasihi?

Tofauti hii ina faida kubwa. Urabi wa leo haufanani na uimamu, wafanana na ijaza. Na katika mlango wa ijaza Waislamu walikwisha kukata shauri zamani. Bibi Karima al-Marwaziyya, aliyefariki Makka katika karne ya 5 ya Hijra, alikuwa mmoja wa wapokezi wakubwa wa Sahihi ya Bukhari. Wanaume walisafiri kwenda kumsomea, na miongoni mwao alikuwa al-Khatib al-Baghdadi, hafidhi mkubwa wa zama zake. Basi mwenye kudhani kuwa mabishano ya Mayahudi na mabishano yetu ni kitu kimoja amechanganya milango miwili.

Mizani yenyewe

Wanavyuoni wetu wa usuli wametufunza kuiuliza kila dalili masuala matatu. La kwanza ni kuthubutu kwake: Je, maneno haya yamethubutu kweli kwa aliyenasibishiwa? La pili ni maana yake: Je, yafahamisha jambo hili waziwazi, ama yachukua maana zaidi ya moja? La tatu ni illa, yaani sababu iliyoleta hukumu: Je, sababu hiyo ingaliko, ama imeondoka na hukumu ikaondoka nayo? Na juu ya yote kuna kanuni ya kadhi: mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Mara nyingi mshindi wa mabishano haya ni yule aliyefaulu kumtwika mwenziwe mzigo wa kuleta ushahidi, hata asipokuwa na dalili nyingi.

Mayahudi: mabishano juu ya illa

Katika Talmudi, kitabu cha Megila, mna matini fupi ya kale. Yasema kuwa watu wote wahesabiwa katika wale saba wanaopanda kuisoma Taurati siku ya Sabato, hata mtoto na hata mwanamke. Kisha yaongeza kuwa masahibu wa elimu walisema mwanamke asisome, kwa ajili ya heshima ya jamaa.

Tazama matini hii ilivyo. Kuthubutu kwake hakuna ugomvi, na maana yake yajulikana. Yatoa asili, nayo ni ruhusa; yatoa katazo lililokuja baadaye; na yaitaja illa ya katazo, nayo ni heshima ya jamaa. Kwa hivyo mabishano yote yameangukia hapo. Upande mmoja wasema kuwa heshima ni jambo la desturi. Zamani mwanamke akiwasomea wanaume ilikuwa kama kutangaza kuwa hawajui kusoma. Leo mwanamke ni tabibu wao na hakimu wao, na hapana aonaye aibu, basi illa imeondoka. Upande wa pili wasema kuwa katazo la wakubwa wale haliondoki kwa kubadilika hisia za watu, na kuwa heshima ya mahali pa ibada haipimwi kwa mambo ya sokoni.

Wanaokataa wana dalili nyingine pia. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati chaamrisha Mayahudi kujiwekea mfalme. Wafasiri wa kale walifahamu kuwa ni mfalme wala si malkia, na Musa bin Maymun, aliyefariki mwaka 1204, alikieneza kizuizi hicho katika kila cheo cha jamaa. Wanaokubali huwajibu kwa habari ya Debora, ambaye kitabu cha Waamuzi chasema kuwa aliwahukumu Waisraeli. Wafasiri wa kati walipambana na habari hiyo kwa majibu mbalimbali: kwamba alifundisha sheria tu asihukumu, au kwamba watu walimkubali kwa hiari yao, au kwamba alikuwa na amri ya pekee kutoka kwa Mungu. Wingi wa majibu hayo waonyesha uzito wa habari ile.

Aliyeyakusanya mambo haya mapema katika zama zetu ni Bibi Regina Jonas wa Berlini. Mwaka 1930 aliandika risala ya chuo chake juu ya suala hili: Je, mwanamke aweza kushika cheo cha urabi? Hakusema kuwa sheria ya kale imepitwa na wakati. Aliipita matini kwa matini, akafikia kuwa kinachomzuia mwanamke ni mazoea na dhana za watu, wala si sheria. Tarehe 27 Disemba 1935 Rabi Max Dienemann alimpa ushahidi wa urabi mjini Offenbach. Mwaka 1942 Manazi walimpeleka kambi ya Theresienstadt, na mwaka 1944 wakamuua Auschwitz. Karatasi zake zikakaa katika hifadhi ya nyaraka mpaka zilipofunuliwa baada ya kuanguka ukuta wa Berlini.

Baada yake, Mayahudi wa madh-hebu ya mageuzi huko Amerika walimweka rabi mwanamke mwaka 1972, na wale wa njia ya kati mwaka 1985. Waorthodoksi wa Kiyahudi wengi wangali wanakataa. Mwaka 2017 umoja wa masinagogi yao huko Amerika uliamua kuwa mwanamke asishike kazi ya urabi, ingawa uliruhusu afundishe na ashike kazi nyingine za elimu.

Wakristo: mabishano juu ya matini, kisha juu ya kitendo

Kwa Wakristo mabishano huanzia katika matini. Barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, mlango wa 14, aya ya 34 na 35, yawataka wanawake wanyamaze katika makanisa. Lakini barua hiyo hiyo, katika mlango wa 11, yaeleza namna mwanamke anavyopaswa kujifunika kichwa anaposali na anapotoa unabii mbele ya jamaa. Atawezaje kutoa unabii naye amenyamaza?

Wengine huzipatanisha aya hizi kwa kusema kuwa kunyamaza ni katika kuuliza-uliza na kukatiza watu, wala si katika kila maneno. Wengine huingia katika suala la kuthubutu. Katika baadhi ya nakala za kale za mkono, aya hizi mbili hazipo mahali pake. Zimewekwa mwisho wa mlango, baada ya aya ya 40. Wenye elimu ya nakala waliona maneno yanayohamahama, wakashuku kuwa huenda yaliandikwa pembeni mwa karatasi na msomaji, kisha mwandishi wa baadaye akayaingiza ndani. Hoja hii ina nguvu, lakini ina mpaka wake: hapana nakala hata moja iliyobakia ambayo aya hizi hazimo kabisa.

Matini yenye nguvu zaidi kwa wanaokataa ni barua ya kwanza kwa Timotheo, mlango wa 2. Humo mwandishi hamruhusu mwanamke kufundisha wala kumtawala mwanamume, naye ataja illa yake: Adamu aliumbwa kwanza, na aliyedanganywa ni Hawa. Wasema wanaokataa: illa hii si desturi ya mji, ni mambo ya maumbile, basi haiondoki. Hujibiwa kwa mambo mawili. Kwanza, kitenzi cha Kigiriki kilichofasiriwa kutawala hakipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya, na huenda maana yake ni kunyang'anya amri kwa ujeuri. Pili, wataalamu wengi wa leo hawakubali kuwa barua hiyo ni ya Paulo mwenyewe. Na wanaokubali huleta mlango wa 16 wa barua kwa Warumi, ambamo Paulo amtaja Fibi kuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea kwa neno lile lile la ushemasi, na amtaja Yunia kuwa mashuhuri kati ya mitume wa kanisa. Yohana Krisostomo, askofu wa karne ya 4, alimfahamu Yunia kuwa ni mwanamke akamsifu. Baadaye wafasiri wakamgeuza jina la kiume, na hata matini ya Kigiriki iliyotegemewa sana ikamwandika hivyo tangu 1927 mpaka 1998, iliporejea jina la kike.

Hata hivyo Kanisa Katoliki halikujenga katazo lake juu ya aya hizi tu. Limejenga juu ya kitendo. Lasema kuwa Yesu aliwachagua wanaume 12, na kanisa likafuata hivyo karne zote. Tena padri katika misa asimama mahali pa Yesu, basi na afanane naye. Tarehe 22 Mei 1994 Papa Yohana Paulo wa Pili aliandika kuwa kanisa halina mamlaka yoyote ya kuwapa wanawake upadri. Angalia namna alivyousema: hakusema kuwa wanawake hawafai, alisema kuwa mwenye kudai ruhusa hana wa kumpa.

Wapinzani wao hujibu kwa hoja ambayo mtu wa usuli ataitambua mara moja. Wale 12 walikuwa na sifa nyingi: walikuwa wanaume, walikuwa Mayahudi, tena wengi walikuwa watu wa Galilaya. Kanisa limekwisha kuacha sharti la Uyahudi. Basi ni kwa dalili gani sifa ya uanaume ndiyo yenye athari katika hukumu, na zilizobaki hazina?

Waanglikana walianza kwa dharura. Wakati wa vita vya Wajapani, padri hakuweza kufika Makau. Bibi Florence Li Tim-Oi, shemasi, ndiye aliyekuwa akiwatumikia Wakristo wa huko, na tarehe 25 Januari 1944 Askofu R. O. Hall wa Hong Kong akampa upadri. Vita vilipokwisha wakubwa walilalamika, naye mwaka 1946 akaacha kuutumia upadri ule, lakini hakuukana. Kanisa la Uingereza lenyewe lilipiga kura ya kuwakubali makasisi wanawake mwaka 1992, na maaskofu wanawake mwaka 2014. Makanisa mengi ya Anglikana yamewakubali makasisi wanawake, na mengine yamekataa.

Waislamu: hadithi ya Umm Waraqa

Sasa tuje kwetu, tutumie mizani ile ile bila ya kujipendelea.

Wanaojuzisha mwanamke kuwasalisha wanaume hutegemea hadithi ya Umm Waraqa bint Abdullah, Mwansari. Bibi huyu alikuwa ameisoma Kurani. Mtume (S.A.W.) alipotoka kwenda Badri alimwomba ruhusa afuatane nao awauguze wagonjwa, huenda akaruzukiwa kufa shahidi. Mtume akamwambia akae nyumbani kwake, na Mungu atamruzuku shahada. Akawa akiitwa Shahidi angali hai. Alikuwa na mtumwa mwanamume na mjakazi aliowaahidi uhuru baada ya kufa kwake. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar wawili hao walimziba pumzi usiku kwa nguo, wakamuua wakakimbia, kisha wakashikwa wakauawa. Mahali pa hoja ni hapa: imepokewa kuwa Mtume alimwekea mwadhini na akamwamrisha awasalishe watu wa dari lake, yaani nyumba yake. Na mpokezi asema kuwa alimwona mwadhini yule, naye ni mzee mwanamume.

Tuanze na kuthubutu. Hadithi hii ameitoa Abu Daud kwa njia ya al-Walid bin Jumai, aliyepokea kwa bibi yake na kwa Abdurrahman bin Khallad. Wote wawili hawa hali zao hazijulikani, na Ibn Hajar ameutaja ujinga huo katika isnadi. Lakini Ibn Khuzaima ameiingiza katika Sahihi yake, na katika zama zetu Sheikh al-Albani ameihukumu kuwa ni hasan. Basi si hadithi ya kutupwa, wala si hadithi iliyokingika na maneno.

Kisha maana. Hadithi haisemi kuwa mzee yule, baada ya kuadhini, alibaki akasali nyuma yake. Yawezekana, na yawezekana pia kuwa alikwenda msikitini kwa Mtume. Mtumwa mwanamume alikuwamo nyumbani, lakini kusali kwake nyuma ya bibi yake hakukutajwa. Al-Daraqutni ameitoa kwa lafudhi nyingine, ya kuwa awasalishe wanawake wake, na Ibn Qudama katika al-Mughni ameishikilia lafudhi hiyo, akaongeza kuwa lau ingethubutu kuwa ni pamoja na wanaume, ingekuwa ni jambo la pekee kwa Umm Waraqa. Leo wako wasemao kuwa neno dari lamaanisha mtaa mzima, kwa kuwa nyumba haihitaji mwadhini. Hoja hii ni dhaifu, kwani adhana husuniwa hata kwa mtu aliye peke yake. Lakini na dai la upekee nalo lahitaji dalili. Si haki kumtaka mwenzio ushahidi katika lafudhi nawe ukapita bila ya ushahidi.

Na wanaokataza, je? Hutajwa hadithi ya Jabir kwa Ibn Majah, ya kuwa mwanamke asimsalishe mwanamume. Isnadi yake ni dhaifu kuliko ile ya kwanza: ndani yake mna Abdullah bin Muhammad al-Adawi, ambaye wanavyuoni wa hadithi wamemwacha, na Imamu Nawawi mwenyewe amesema kuwa ni dhaifu ingawa hukumu yake ni hiyo hiyo. Basi asiyeikubali Umm Waraqa kwa udhaifu wa mpokezi hana njia ya kusimama juu ya Jabir.

Katazo la madh-hebu manne limesimama juu ya nguzo nyingine. Asili ya ibada ni kusimama mpaka ije dalili. Mtu hazidishi katika sala kwa rai yake. Mtume alipanga safu, wanawake nyuma ya wanaume, na umma ukaenda hivyo karne kwa karne. Wala haikupokewa kwa njia iliyo wazi kuwa mwanamke katika zama za Masahaba aliwasalisha wanaume msikitini. Hapa ndipo mzigo wa ushahidi unapomwangukia anayejuzisha, na hadithi moja yenye maneno katika isnadi na katika lafudhi haiwezi kuubeba mpaka kwenye Ijumaa ya mji mzima. Ndiyo maana Sheikh Yusuf al-Qaradawi na wengineo waliikataa sala ile ya 2005.

Walakini mwenye kusema kuwa hapana mwanachuoni aliyejuzisha amekosa. Imamu Nawawi katika al-Majmu amenakili kuwa Abu Thaur, na al-Muzani mwanafunzi wa Imamu Shafii, na Ibn Jarir at-Tabari walisema kuwa sala ya wanaume nyuma ya mwanamke yasihi. Na baadhi ya Mahanbali walijuzisha katika tarawehe, akiwa ndiye msomaji, naye asimame nyuma yao. Kauli hizi ziliachwa na wengi, nazo huitwa pweke. Lakini wenyewe walikuwa maimamu wakubwa.

Tulichokivuna

Mayahudi wamegombania illa: heshima ya jamaa ingaliko ama imebadilika? Wakristo wamegombania matini, kisha kitendo: sifa ipi ya wale 12 ndiyo yenye athari, na nani ana mamlaka ya kubadili? Sisi twagombania nani aliye na mzigo wa ushahidi katika ibada. Kwa hivyo jibu la nyumba moja halihamishiki nyumba nyingine. Anayechukua hoja ya kubadilika heshima akaileta msikitini hajajibu kanuni ya ibada. Na anayechukua katazo la upadri akalishangilia hajui kuwa limejengwa juu ya siri takatifu ambayo sisi hatunayo.

Na katika joto la mabishano haya kuna jambo lisilo na ugomvi kwetu ambalo twaogopa lisije likapotea. Katika madh-hebu yetu ya Shafii, wanawake kusali jamaa wenyewe kwa wenyewe ni sunna, na imamu wao ni mwanamke. Imepokewa kuwa Bibi Aisha na Bibi Umm Salama waliwasalisha wanawake, wakasimama katikati ya safu, si mbele yake. Imamu huyo atasoma kwa sauti katika sala za sauti ikiwa hapana wanaume wa kando wanaosikia. Mahanafi wamelikirihisha jambo hili, na Wamaliki wamelizuia. Lakini kwetu ni sunna. Huko Kaifeng, Uchina, uko msikiti wa wanawake unaotajwa kuwa ni wa mwaka 1820, wenye imamu wao mwanamke na darsa zao. Basi binti aliyehitimu Kurani, akataka kuwasalisha mama zake na dada zake nyumbani au madrasani, asikaripiwe kwa habari ya New York. Mwenye kumkaripia amelikataza jambo ambalo Imamu Shafii amelipenda, kwa kuogopa jambo jingine ambalo binti huyo hakuliomba.

Wallahu aalam.